Keshia akipumzika dakika kumi na mbili, foleni inapungua

Kuna fikra moja inayotutesa kwenye mabenki na zahanati, nayo ni kwamba mhudumu akionekana amekaa bila mteja, basi mshahara wake unapotea bure. Meneja akimwona keshia ametulia, anamwongezea kazi nyingine au anafunga dirisha la pili ili hili moja lijae vizuri. Nataka kuonyesha kwa hesabu kwamba uamuzi huo ndio unaozalisha foleni ndefu, na kwamba hesabu yenyewe inaweza kufanywa na yeyote mwenye kalamu.

Tuchukue tawi dogo la benki lililo karibu na Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, lenye dirisha moja. Keshia anamhudumia mteja mmoja kwa wastani wa dakika 4, maana yake ana uwezo wa kuhudumia watu 15 kwa saa. Wanaokuja ni wauza dagaa, wenye maduka, mtu na risiti ya ada ya mtoto. Kwa wastani wanafika 12 kwa saa. Uwezo wa kuhudumia tuuite H, na kasi ya watu kufika tuiite K. Muda wa wastani wa kusubiri kabla ya kufika dirishani tuuite S, nao ukipimwa kwa saa ni:

```
S = K / (H × (H − K))
```

Weka namba zetu: 12 gawanya kwa 15 mara 3, unapata 0.267 ya saa, yaani dakika 16. Hapo keshia ana kazi kwa dakika 48 za kila saa, na dakika 12 hana mtu. Hizo 12 ndizo zinazomkera meneja.

Sasa tuseme tawi la jirani limefungwa na wateja wawili zaidi kwa saa wamehamia hapa. K inakuwa 14. Keshia bado anawamudu, kwa sababu uwezo wake ni 15. Lakini rudia hesabu: 14 gawanya kwa 15 mara 1 ni 0.933 ya saa, karibu dakika 56. Watu wawili tu wameongezeka, na kusubiri kumepanda kutoka dakika 16 hadi 56. Benki imeokoa dakika 8 za keshia kwa saa. Wateja 14 wa saa hiyo wameongezewa dakika 40 kila mmoja, jumla saa tisa na zaidi za watu waliosimama. Mimi naona huo ni ubadhirifu, ila hauonekani kwenye vitabu vya benki kwa sababu anayelipa ni mama aliyeacha meza yake ya dagaa bila mtu.

Kwa nini inapanda hivyo? Watu hawafiki kila baada ya dakika tano kama saa ya ukutani. Wanafika wanavyofika: dakika hii watatu, kisha robo saa hakuna mtu. Dakika ambazo keshia alikaa bure hawezi kuziweka akiba azitumie watatu wakiingia pamoja. Foleni ikishajikusanya, inayeyushwa na ile nafasi ya ziada tu, yaani H toa K. Wakijikusanya watu 5 na nafasi ya ziada ni 3 kwa saa, inachukua kama saa moja na dakika 40 kurudi hali ya kawaida. Nafasi ikiwa 1 kwa saa, inachukua saa tano, na kabla hazijaisha kundi lingine litakuwa limeshaingia. K ikifika 15 kamili, foleni haina tena kiwango cha kutulia, bali inaendelea kurefuka mpaka mlango ufungwe.

Jambo hilohilo linafanya kazi upande wa pili, na hapa ndipo nina matumaini. Keshia akipunguziwa sekunde 15 kwa mteja, pengine kwa fomu kujazwa kabla ya kufika dirishani, H inatoka 15 hadi 16. Wateja wakiwa bado 14, kusubiri kunashuka kutoka dakika 56 hadi 26. Anayesimamia tawi lililojaa asidharau kalamu za kutosha mezani na mlinzi anayeangalia kama fomu imekamilika.

Kanuni hii ina masharti. Inadhani watu wanafika kila mmoja kwa wakati wake bila kupangana, kama simu zilivyoingia kwenye mitambo ya simu ya Copenhagen ambayo mwanahisabati wa Denmark, Agner Erlang, aliifanyia hesabu mwaka 1909. Inadhani pia kwamba muda wa kuhudumia unatofautiana sana, mmoja dakika moja na mwingine kumi. Na inadhani kasi haibadiliki siku nzima, sharti ambalo Mwanza linavunjika upesi. Meli ya Nansio ikifunga gati, watu wanashuka kwa pamoja. Mwisho wa mwezi ni hivyohivyo. Wastani wa siku unaweza kuwa 12 kwa saa huku kati ya saa nne na saa sita wakiingia 20 kwa saa, na katika saa hizo mbili foleni inaongezeka watu watano kila saa. Kwa hiyo hesabu ifanywe kwa kila saa, wala si kwa siku nzima.

Ili kujua hali halisi, kuna njia isiyojali masharti hayo, iliyothibitishwa na mtafiti wa Marekani, John Little, mwaka 1961. Kila robo saa, tangu kufungua hadi kufunga, hesabu waliokaa wakisubiri, bila anayehudumiwa. Tafuta wastani, kisha ugawanye kwa idadi ya wanaofika kwa saa. Wakiwa wastani wa 9 na wanafika 12 kwa saa, kila mmoja anasubiri 9 kwa 12 ya saa, yaani dakika 45. Kama kanuni ya kwanza ilisema 16, una swali la kumuuliza msimamizi: watu wanakuja kwa makundi, au huduma inasimama dirishani kwa sababu keshia ametumwa kwingine au mtandao umekatika?

Kwenye kliniki ya watoto makundi tunayatengeneza wenyewe. Kina mama 40 wanaambiwa wote waje saa mbili asubuhi, na muuguzi mmoja anamaliza mtoto mmoja kwa dakika 4. Hapa kanuni ya K na H haifai hata kidogo, hesabu ni ya moja kwa moja: wa kwanza hasubiri, wa mwisho anasubiri dakika 156, wastani ni dakika 78. Na hiyo ni bila kuhesabu waliowahi kufika saa kumi na mbili ili wasiwe wa mwisho.

Kadi ya mtoto tayari inaandikwa tarehe ya kurudi. Iandikwe na saa pia, kina mama 12 kwa kila saa moja, wakipishana dakika tano tano. Muuguzi atamaliza kama dakika 40 baadaye kuliko angemaliza na umati wa saa mbili, na katika kila saa atapata dakika chache za kupumua. Kusubiri kwa wastani kutashuka chini ya robo saa, hata wengine wakichelewa kidogo.