Kijani kilichopakwa noti zikiwa wazi

"Mwalimu, mada niliyoipaka kijani ndiyo iliyoniangusha kwenye moko. Sasa hizi rangi zina faida gani?" (mwanafunzi wa kidato cha nne, Uyole, Mbeya)

Rangi anazozisema ni zile ambazo mwanafunzi hupaka kila mada kwenye jedwali lake: kijani akiona anaiweza, njano akisitasita, nyekundu akiona haiwezi. Kabla ya kumjibu nilimwuliza aliipaka lini. Jumapili jioni, akasema, baada tu ya kusoma noti za hesabu za moli na kufanya maswali matano, daftari likiwa wazi pembeni. Basi kijani kile kilipima wepesi wa kusoma. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha jambo hili vizuri: waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka, lakini baada ya wiki moja waliojipima bila kusoma tena waliwazidi.

Siku ya pili tulifunga daftari. Nilimpa maswali kumi ya kukokotoa na kumtaka aandike kwanza atapata ngapi. Aliandika 9, akapata 5. Swali moja lilitaka ukolezi wa gramu 8 za hidroksidi ya sodiamu katika sentimita za ujazo 500 za mmumunyo. Aligawanya 8 kwa 40, ambazo ni gramu za moli moja, akapata moli 0.2, sawa kabisa. Kisha akagawanya kwa 500 badala ya lita 0.5, na jibu la moli 0.4 kwa lita likapotea. Maswali manne kati ya matano aliyokosa yaliangukia palepale, kwenye kubadili ujazo.

Wanaozikosoa rangi wana hoja nzito hapo: rangi moja juu ya mada nzima inaficha hatua inayovuja. Nyekundu ingemrudisha kusoma sura yote, pamoja na mambo anayoyajua. Tena wapo wanaotumia jioni nzima kupamba jedwali la mada, na swali halijaguswa.

Hata hivyo sikubali tuzitupe. Bila rangi, mwanafunzi mwenye masomo saba hurudia mada anayoipenda. Kijana mwingine, katika mada moja, alitabiri 3 akapata 8. Alikuwa akijiandaa kuipa mada hiyo wiki mbili ambazo elektrolisisi ilizihitaji zaidi. Naye hakujijua, ila kwa upande wa woga.

Kwangu, alama 8 na zaidi ni kijani, 5 hadi 7 njano, chini ya hapo nyekundu. Kijani hakihesabiki mpaka kirudiwe baada ya wiki, na utabiri ukae pembeni yake. Maswali ya kuchagua nayakwepa, maana kubahatisha kunaweza kuipandisha rangi.

Binti yule wa Uyole sasa ana njano yenye tarehe, na chini yake ameandika: "Ujazo kwanza, gawanya kwa 1000." Wiki iliyofuata alitabiri 6, akapata 7. Bado ni njano, lakini sasa anachokidhani na anachokiweza vimepishana kwa alama moja tu.