Paswedi haina kosa, ni tarehe

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025 kuna dada mmoja wa mkataba alikuwa Dodoma, sisi wa kompyuta tuko Dar, na ile ndiyo siku ya mwisho ya mwaka wa fedha kwa hiyo kila aliyewahi kukaa uhasibu anajua presha yake. Saa moja na nusu asubuhi anawasha laptopu, anaunganisha VPN, ile njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, inamwambia jina au paswedi si sahihi. Akajaribu tena. Akapiga simu dawati la msaada, kijana akambadilishia paswedi, bado. Wakambadilishia mara ya pili. Mara ya tatu wakamwambia labda kepsi loku imewaka. Alivyonifikia mimi ilishafika saa tano kasoro, na sauti yake nilivyoisikia niliumia kweli. Akaniambia, "Kaka, mimi kuandika paswedi najua, nisaidie tu." Na alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kilichonikera zaidi ni lile swali aliloulizwa, kwamba si unasoma imeli kwenye simu? Anasoma. Basi akaunti yako nzima dada, shida ni mtandao wa huko. Hapo ndipo masaa yalipopotelea, maana imeli yetu iko Microsoft 365 na akaunti zinasawazishwa kutoka Active Directory, yaani daftari la akaunti zote lililoko seva ya ofisini, lakini tarehe ya mwisho ya akaunti, ile inayowekwa ili akaunti ya mtu wa mkataba ijifunge muda wake ukiisha, haiendi huko juu. Kwa sisi tunaosawazisha paswedi tu kwenda wingu, akaunti iliyokwisha muda ofisini inaendelea kufungua imeli kama kawaida. Kwa hiyo imeli kufunguka haithibitishi chochote kuhusu laptopu wala VPN. Na geuza upande wa pili uone hatari yake: mtu mkataba umeisha kweli, mnaamini tarehe imemfungia nje, kumbe bado anasoma barua za ofisi. Huyo lazima akaunti yake izimwe kabisa, maana kuzimwa kunasafiri hadi kwenye wingu.

Nikafungua logi ya ile seva ya VPN. VPN yetu inauliza Active Directory kwa LDAP, ndiyo lugha ya kuliulizia hilo daftari, na jibu lililorudi lilikuwa na `data 701`. Watu wa dawati naomba mshike namba tatu tu. `52e` ni paswedi mbovu, `775` ni akaunti imejifunga baada ya kukosea mara nyingi, `701` ni akaunti imeisha muda. Na Active Directory haitoi 701 mpaka iwe imeikubali paswedi kwanza, kwa hiyo ile namba ilikuwa inatuambia wazi kwamba paswedi iko sawa acheni kuibadilisha. VPN ikayameza hayo yote ikamtupia dada ujumbe wa jumla. Angekuwa amekaa ofisini mbele ya kompyuta iliyounganishwa na domeini, Windows yenyewe ingemwambia akaunti imeisha muda aonane na msimamizi, tungemaliza kwa dakika mbili.

Sasa sikilizeni hili la tarehe maana hapa ndipo penye utamu na uchungu. Mkataba wake ulikuwa unaisha tarehe 30 Juni, yaani siku ile bado alikuwa mfanyakazi halali hata bila ile nyongeza ya miezi mitatu aliyokuwa ameshasaini. Mbona akafungiwa asubuhi? Nikaangalia:

```
Get-ADUser mkataba07 -Properties AccountExpirationDate
```

Ikaja 30 Juni 2025 saa 00:00, yaani usiku wa manane wa kuamkia tarehe 30. Aliyeiweka alitumia amri za PowerShell kama hiyo hapo juu akaandika tarehe bila saa, na tarehe bila saa kompyuta inaisoma kuwa ni mwanzo wa siku, kwa hiyo siku nzima ya 30 ikakatwa. Angetumia lile dirisha la kawaida la Active Directory, kwenye kichupo cha Account pameandikwa `End of`, ukichagua 30 Juni yenyewe inahifadhi usiku wa kuamkia 1 Julai na mtu anafanya kazi siku yake yote. Njia mbili, tarehe ileile kwenye karatasi, tofauti siku moja. Ukiifungua akaunti ya yule dada kwenye hilo dirisha unaona `End of` 29 Juni, na mtu asiyejua anaweza kumlaumu aliyejaza fomu. Fomu ilikuwa sahihi. Kwa hiyo nilipomwongezea hadi mwisho wa Septemba niliandika hivi:

```
Set-ADAccountExpiration mkataba07 -DateTime "2025-10-01"
```

Tarehe 1 Oktoba, makusudi. Kwenye Linux nako ni hivyohivyo, amri ya `chage -E` ukiiwekea tarehe, siku hiyo yenyewe mtu tayari yuko nje, na hata mwenye ufunguo wa SSH asiyetumia paswedi kabisa anagomewa.

Kuna wenzangu wanasema basi tuache kuweka tarehe, inatusumbua bure. Hapana. Nakubali inasumbua, siku ile ilinisumbua mimi mwenyewe, lakini mwaka 2021 waliovamia Colonial Pipeline kule Marekani waliingilia akaunti ya VPN ambayo haikuwa ikitumika tena na hakuna aliyeikumbuka kuifunga. Tarehe ibaki.

Ninachogomba ni hiki. Paswedi ikikaribia kuisha Windows inakuonya siku kadhaa kabla. Akaunti yenyewe ikikaribia kuisha hakuna anayekuonya, si wewe, si bosi wako, si mimi. Inafika usiku wa manane mlango unafungwa kimya. Halafu nyongeza ya mkataba inasainiwa utumishi, inakaa kwenye faili utumishi, na hakuna mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kuileta kwetu. Ndiyo maana nasema anayeweka tarehe awe na wajibu wa kuifuatilia, na jina la bosi wa huyo mtu wa mkataba liandikwe kwenye maelezo ya akaunti siku ileile inapofunguliwa, ili kuwe na mtu wa kupigiwa simu. Kuwatafuta wenyewe ni mstari mmoja tu:

```
Search-ADAccount -AccountExpiring -TimeSpan 14.00:00:00 -UsersOnly
```

Hii inakupa wote ambao muda wao unaisha ndani ya siku 14 zijazo. Tuiendeshe kila Jumatatu, orodha iende utumishi na kwa mabosi, mwenye kuongezewa aongezewe kabla hajakwama njiani, anayeondoka azimwe. Kumwacha mtu mzima akose karibu masaa manne ya siku muhimu kuliko zote huku tukimwambia hajui kuandika paswedi yake, mimi hilo nimelikataa.

Yule dada aliingia saa tano na dakika kumi, akawahisha vocha zake jioni ileile. Kisha nikaiendesha ile orodha. Wametoka watu tisa. Nimewapigia mabosi wao mmoja mmoja, watatu mikataba imeshaongezwa na sisi hatuna habari, watano wanaondoka kweli. Wa tisa ni kijana aliyeingia kwa majaribio mwezi Januari, amethibitishwa kazini tangu Aprili, barua anayo, na tarehe ya majaribio ilikuwa bado imekaa kwenye akaunti yake, 11 Julai. Niliifuta siku ileile.