Saa moja ya Kiswahili mtandaoni inalipa kiasi gani hasa?

“Shikamoo mwalimu. Mimi niko Wete, nimemaliza stashahada ya ualimu na nataka kufundisha Kiswahili kwa wageni mtandaoni. Kwenye majukwaa ya kutafutia wanafunzi, wenzangu wananambia Preply inanyonya, bora italki kwa sababu inakata kidogo. Wengine wanasema italki wanafunzi hawapo. Nimfuate nani?”

Marahaba. Wenzako wote wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika pembe moja ya ng’ombe. Tuanze na hiyo ya kukatwa, maana ndiyo inayopigiwa kelele zaidi.

Preply inakata kwa ngazi. Saa 20 za mwanzo inachukua asilimia 33 ya bei uliyoweka. Kuanzia hapo hadi saa 50 inachukua 28, hadi saa 200 inachukua 25, hadi saa 400 inachukua 22, na ukishavuka 400 inabaki 18. Italki kwa miaka mingi imejulikana kwa mkato mmoja wa asilimia 15, uwe mgeni au mkongwe. Ukisoma hivyo tu, huhitaji kalamu kujua wapi pana nafuu.

Lakini chukua kalamu. Tuseme bei yako ni dola 10 kwa saa, na umefundisha saa 400. Kwa ngazi zile Preply itakuwa imekata dola 965. Kwa asilimia 15 ungekatwa dola 600. Tofauti ni dola 365, ukizigawa kwa saa 400 ni chini ya dola moja kwa saa. Ni pesa, sikatai, lakini si unyonyaji wa kumfanya mtu ahame mji. Na ukifika ngazi ya mwisho, mmoja anakuachia dola 8.20 na mwengine 8.50. Senti 30.

Maumivu yako kwengine, katika somo la majaribio. Preply huchukua malipo yote ya somo la kwanza la kila mwanafunzi mpya. Wewe unafundisha, unajitambulisha, unampima kiwango chake, na hupati hata senti. Italki nayo ina somo la majaribio, ila ni la nusu saa, bei unapanga wewe, nawe unalipwa baada ya mkato wa kawaida. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya asilimia ni hili: mwanafunzi anayekuja kwako atakaa masomo mangapi?

Akikaa masomo matatu tu, umefundisha saa nne ukalipwa tatu. Katika ngazi ya mwanzo, saa tatu kwa dola 6.70 ni dola 20.10, na ukizigawa kwa saa nne ni kama dola tano kila saa. Akikaa masomo 20, saa ile ya bure inagawanyika mpaka huioni. Na sisi wa visiwani tuna aina ya mwanafunzi anayekaa masomo matatu: mtalii. Anakuja Julai, ameshakata tiketi, anataka aweze kusema “hujambo” na “bei gani” akifika Darajani. Mtu mzuri, analipa bila ubishi, lakini akishapanda ndege kurudi kwao humuoni tena. Wa kukaa ni mwengine: aliyeolewa huku au ameoa huku, mtafiti mwenye kazi ya mwaka mzima, mwanafunzi wa chuo anayejiandaa na mtihani, mtoto wa Kizanzibari aliyezaliwa Ulaya ambaye bibi yake hasemi lugha nyengine. Maelezo ya ukurasa wako yakijaa minazi na fukwe, utawavuta wale wa kwanza. Yakieleza kwamba unafundisha ngeli kwa utaratibu na unasahihisha insha, utawavuta wa pili. Jukwaa halikuchagulii hilo.

Sasa upande wa pili, idadi ya wanafunzi. Hapa ndipo wanaoitetea Preply wanaposhinda, kwa maoni yangu. Kiswahili si Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza akikosa mwanafunzi huyu saa moja, mwengine yuko mlangoni. Sisi tunangojea. Preply inamtanguliza mwanafunzi kwenye usajili: akikupenda baada ya majaribio anajiandikisha kwa masomo kadhaa ya kila wiki, analipia wiki nne, na malipo yanajirudia mpaka asimamishe mwenyewe. Italki mwanafunzi hununua somo moja au kifurushi akitaka. Vilevile italki hufungua na kufunga maombi ya walimu kwa kufuata lugha. Unaweza kufika na stashahada yako mkononi ukakuta Kiswahili kimefungwa, ukasubiri.

Tuweke mwezi mmoja wa mfano. Kwenye jukwaa la mkato mkubwa umepata wanafunzi sita wa majaribio, watatu wakabaki, na pamoja mkafanya saa 20. Umefanya kazi saa 26, umepata dola 134, yaani dola 5.15 kwa saa. Kwenye jukwaa la mkato mdogo umepata wawili wa majaribio kwa dola tatu kila mmoja, mmoja akabaki, saa nane kwa mwezi. Umefanya kazi saa tisa, umepata dola 73 na senti, yaani dola nane na kidogo kwa saa. Nani amefanikiwa? Mwenye kazi nyengine mchana, anayetaka saa chache zenye faida, atachagua la pili. Asiye na kipato chengine atachagua la kwanza, na hakosei. Saa yenye bei nzuri isiyo na mtu ndani yake haijazi debe la unga.

Kughairi ndiko kunakoeleweka vibaya kuliko vyote. Kwenye Preply mwanafunzi anaweza kufuta au kuhamisha somo bila kulipa mpaka saa 12 kabla. Italki inataka saa 24, na baada ya hapo hawezi kubadilisha bila ridhaa yako. Watu husema saa 24 ni bora kwa sababu unapata muda wa kuijaza nafasi. Kwa Kiingereza, sawa. Kwa Kiswahili, nani ataijaza? Mimi katika miaka yangu ya kazi hii nafasi iliyofutwa jana imejazwa mara chache sana, iwe imefutwa saa 12 au saa 30 kabla. Faida halisi ya saa 24 ni nyengine: inambana mwanafunzi mapema. Anayeamka asubuhi na uvivu wake, akakumbuka ana somo jioni, kwenye kanuni ya saa 12 mara nyingi bado yuko ndani ya muda na anafuta bure. Kwenye saa 24 ameshachelewa, kwa hiyo aje au alipe. Mwanafunzi wa tabia hiyo ya uvivu ndiye anayekula kipato chako, na yule mgonjwa wa kweli hutokea mara moja moja tu na kumsamehe ni wajibu.

Lakini kanuni hizo zina makali mawili, na upande wa mwalimu sisi tuna shida ya umeme. Anayekumbuka giza la Unguja la mwaka 2008, na lile la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009, anajua waya wa chini ya bahari ukileta shida hakuna wa kumpigia simu. Siku hizi ni kukatika kwa saa moja au mbili, lakini somo nalo ni la saa moja. Mwanafunzi asipotokea, majukwaa yote mawili yanakulipa. Wewe usipotokea, hulipwi, na rekodi yako inachafuka mbele ya wanafunzi wapya, ambao ndio hasa huna wengi. Fundisha kwa kompyuta yenye betri nzima, na simu yenye bando la laini tofauti na ile ya nyumbani ikae pembeni imechajiwa. Saa moja ya video hula kama gigabaiti moja, mara pungufu mara zaidi. Ihesabu kwenye bei yako.

Halafu saa zenyewe. Mwezi wangu wa kwanza nilitaka kufungua saa mbili usiku, nikabonyeza 02:00. Mtu wa Texas akaikamata siku ileile, kwake ilikuwa jioni mapema. Mimi nililala fofofo, somo la majaribio likapita, na kosa lilikuwa langu mtupu. Kwenye kalenda saa mbili usiku ni 20:00. Lakini kosa lile lilinifundisha wanafunzi wako wapi. Saa moja jioni ya New York ni saa nane usiku kwetu wakati wa joto lao, na saa tisa wakati wa baridi, maana wao wanasogeza saa na sisi hatusogezi. London saa kumi na mbili jioni ni saa mbili usiku kwetu, au saa tatu wakati wa baridi. Berlin ni saa moja au saa mbili. Yaani saa anazotaka Mzungu akitoka kazini ndizo saa za isha, na Ramadhani ndizo za tarawehe. Ukifunga saa hizo mwezi mzima, usiulaumu mkato wa jukwaa ukikosa wanafunzi. Mimi huzifunga, nikafungua saa saba mchana hadi saa kumi na moja: saa saba ni saa kumi na mbili asubuhi New York wakati wa joto, na saa kumi na moja ni saa moja asubuhi California. Wapo wanaosoma kabla ya kazi, ni wachache, na hao hawafuti ovyo.

Ushauri wangu basi, ukipima yote: anza na Preply kwa bei ya dola nane au tisa, ukijua saa 20 za mwanzo ni karo. Omba italki wakati huohuo, ikifunguliwa uingie na bei ya juu kidogo. Ukipata wanafunzi wanne wa kudumu, panda bei kwa wapya na waache wa zamani kwenye bei yao kwanza. Weka daftari: tarehe, saa uliyofanya kazi pamoja na ya majaribio, pesa iliyoingia. Gawa kila mwisho wa mwezi.

Kutoa pesa, tafuta Payoneer ikupelekee benki, kwani PayPal kwa Tanzania imezoeleka kulipia na si kupokea, na usitoe vidogo vidogo, utakatwa ada mara nyingi. Kuhusu kumchukua mwanafunzi nje ya jukwaa kwa WhatsApp, majukwaa yote mawili yanakataza, na akaunti ikifungwa unapoteza wote kwa ajili ya mmoja. Jamaa wa Maskati wanaotaka mtoto wao ajue Kiswahili ni mlango mwengine kabisa: hawakupitia jukwaa tangu mwanzo, wametupita saa moja tu, na kwao saa kumi alasiri yako ni jioni yenye nafasi. Kwa hao panga kanuni zako mwenyewe kwa maandishi, malipo kabla na saa 24 za kughairi, kabla ya somo la kwanza.