Kitovu cha uzito na ghala lililowekwa mahali pasipofaa

Njia ya kitovu cha uzito hufundishwa mapema katika somo la ugavi kwa sababu hesabu yake haimchoshi mtu. Unachukua ramani, unaipa kila sehemu ya wateja namba zake za x na y, kisha unazidisha kila namba kwa mzigo unaokwenda huko. Ukijumlisha na kugawanya kwa mzigo wote, unapata nukta moja, na hapo ndipo panaposemwa ghala lijengwe.

Wanaoipinga husema nukta hiyo si mahali pa gharama ndogo kabisa ya usafirishaji. Wanaoitetea hujibu kwamba iko karibu vya kutosha. Kila upande una haki yake, ila si kwenye ramani moja.

Tuchukue sehemu nne. A iko kwenye nukta (0, 0) na inahitaji tani 500 kwa mwezi. B iko (0, 60) na inahitaji tani 200. C iko (80, 0), nayo ni tani 200. D iko mbali, (240, 180), na mahitaji yake ni tani 100 tu. Vipimo ni kilomita, na tuchukulie kwamba kusafirisha tani moja kwa kilomita moja kuna gharama ileile kila upande.

Mzigo wote ni tani 1,000. Kwa upande wa x, C inachangia 80 mara 200, yaani 16,000, na D inachangia 24,000. Jumla ni 40,000, ambayo ukiigawanya kwa 1,000 unapata 40. Ukifanya vivyo hivyo kwa y unapata 30. Kitovu cha uzito ni (40, 30).

Sasa tupime gharama. Kutoka hapo, A, B na C zote ziko umbali wa kilomita 50, na D iko kilomita 250. Ukizidisha kila umbali kwa tani zake na kujumlisha, unapata tani-kilomita 70,000 kwa mwezi. Halafu jaribu kuliweka ghala palepale A. Mzigo wa A hausafiri tena, B inachukua 12,000, C inachukua 16,000 na D 30,000. Jumla ni 58,000. Kwa hiyo nukta iliyopendekezwa na njia yetu inaongeza tani-kilomita 12,000 kila mwezi juu ya zile ambazo ungezitumia kama ungejenga tu kwa mteja mkubwa.

Hesabu haikukosewa. Wastani wa aina hii hupunguza jumla ya umbali uliozidishwa kwa wenyewe, yaani umbali wa mraba, na lori halilipiwi kwa kilomita za mraba. Fikiria ghala limefungwa kwa mipira minne inayovutika, mmoja kwa kila mteja: kadiri mteja alivyo mbali ndivyo mpira wake unavyovuta kwa nguvu zaidi. Hicho ndicho kitovu cha uzito. Gharama halisi hufanana zaidi na nyuzi zilizoning'inizwa mawe, ambazo huvuta kwa nguvu ileile uzi uwe mrefu au mfupi. Kwa mipira, D yenye tani 100 inavuta kuliko haki yake. Ukiihamisha D hadi (480, 360), umbali mara mbili katika mwelekeo uleule, kitovu kinaifuata kwa kilomita 30 na kufika (64, 48). Mahali pa gharama ndogo hapasogei hata hatua moja, panabaki A.

Kwa nini A? Kwa sababu inabeba nusu ya mzigo wote. Hata kama wengine wote wangevuta kuelekea upande mmoja, wasingeishinda, na hapa wanavuta pande tofauti. Ukiwa na mteja mwenye nusu ya mzigo au zaidi, hakuna haja ya kukokotoa chochote, maadamu bei kwa tani-kilomita ni sawa kila upande.

Watetezi nao wana hoja nzito, na wakosoaji wengi huipita haraka mno. Badilisha ramani: A, B na C zibaki zilipo, D ihamie (80, 60), na kila moja ihitaji tani 250. Kitovu ni (40, 30) tena, nukta ileile iliyotuponza. Ila sasa ndiyo bora kabisa, na gharama yake ni tani-kilomita 50,000. Kisha tuseme kiwanja hakipatikani hapo, ukapata kingine kilomita 10 mashariki, kwenye (50, 30). Gharama inapanda hadi kama 50,370, ongezeko lisilofika asilimia moja. Eneo linalozunguka nukta bora ni tambarare. Makadirio ya mahitaji yenyewe mara nyingi hukosea kwa zaidi ya hapo, barabara hazinyooki kama mstari wa rula, na bei ya ardhi inaweza kumeza tofauti yote. Kwa ramani iliyosawazika namna hii, kumlaumu mtu kwa kutumia wastani ni kutafuta ugomvi.

Basi nukta ileile (40, 30) ni jibu sahihi kwenye ramani moja na hasara kwenye nyingine, na ukiitazama yenyewe haikuambii uko wapi. Namna ya kujua ni rahisi: piga gharama ya jumla kwenye kitovu, kisha kwenye kila sehemu ya wateja. Sehemu yoyote ikishinda kitovu, usiendelee nacho.

Tatizo la kutafuta nukta yenye gharama ndogo lilijadiliwa na mchumi Mjerumani Alfred Weber mwaka 1909, na mwaka 1937 Endre Weiszfeld alitoa njia ya kulikaribia jibu hatua kwa hatua. Unaanza kwenye kitovu, unagawanya tani za kila mteja kwa umbali wake kutoka hapo, kisha unakokotoa wastani upya kwa uzito huo mpya. Katika ramani yetu ya kwanza, uzito wa A unakuwa 10, B na C 4 kila moja, na D 0.4 tu. Nukta inahamia karibu na (22.6, 17), na gharama inashuka kutoka 70,000 hadi karibu 63,000 kwa hatua moja. Ukirudia, inazidi kuisogelea A. Tahadhari ni moja: nukta ikiangukia juu ya mteja, umbali unakuwa sifuri na kugawanya hakuwezekani, kwa hiyo mahali hapo hupimwa peke yake.

Kwa kuwa jedwali la kompyuta hufanya marudio hayo kwa muda mfupi, sioni sababu ya kuishia kwenye kitovu. Kianzio kizuri, ndiyo. Ila uzito uwe tani mara bei ya kusafirisha, na wanaoleta mzigo ghalani wahesabiwe pamoja na wanaoupokea, kwa bei yao wenyewe, kwa sababu lori lililojaa hadi pomoni huwa nafuu kwa kila tani kuliko gari dogo la kusambaza.

Na ukishafika A, tazama tena ule mzigo wa D. Ni sehemu ya kumi ya tani zote, lakini unachukua tani-kilomita 30,000 kati ya 58,000, zaidi ya nusu. Hapo hakuna kusogeza ghala kutakakosaidia sana. Swali ni kama D ihudumiwe na ghala hili au itafutiwe njia nyingine.