Hanang, chemchemi za moto na swali la silika

"Hanang ni volkano, na huku kanda ya kati tuna chemchemi za maji moto. Kwa nini hawachimbi visima vya umeme wa jotoardhi?"

Wanaotaka kuchimba sasa wana hoja moja nzito. Chena, Alaska, tangu 2006 wanazalisha umeme kwa maji ya nyuzi 74 tu: maji hupasha kimiminika kinachochemka upesi, na mvuke wake ndio unaozungusha mtambo.

Ila wanaosema tupime kwanza si wavivu wala waoga. Hanang ililipuka mara ya mwisho takriban miaka milioni moja iliyopita, muda wa kutosha moto wake wa karibu na uso kupoa. Olkaria ya Kenya, kunakozalishwa umeme wa jotoardhi, ni jambo jingine kabisa, kwani lava imetoka huko karne chache tu zilizopita. Na chemchemi nayo haihitaji volkano. Mvua ikizama kilomita kadhaa kwenye nyufa za bonde la ufa, hupata joto la kawaida la ardhi na kupanda tena.

Basi tuyaulize maji yenyewe. Kadiri yalivyokuwa moto kule chini, ndivyo yalivyoyeyusha silika zaidi, yaani madini yanayounda mchanga, kutoka kwenye miamba. Chota mililita 10 na uzichanganye papo hapo na 90 za maji yaliyokenekwa. Ukiacha hatua hiyo, silika huganda chupa ikipoa, na maabara itakupa joto la chini kuliko la kweli.

Tuseme maabara, ikishazidisha kwa 10 kufidia maji uliyoongeza, imepata miligramu 100 za silika kwa lita. Fomula ya kwatzi, aina ya silika iliyo kwenye miamba mingi, ni hii, ambapo S ni miligramu hizo na T ni joto la kule chini:

```
T = 1309 / (5.19 - log S) - 273.15
```

Log ya 100 ni 2, na jibu ni nyuzi 137. Lakini hesabu hii hufaa zaidi pale penye joto kali. Maji ya joto la kadiri mara nyingi kiasi chake cha silika huamuliwa na kalkedoni, silika ya chembe ndogo sana, na fomula yake ni nyingine:

```
T = 1032 / (4.69 - log S) - 273.15
```

Hapa unapata nyuzi 110. Chupa ni ile ile, tofauti ni nyuzi 27! Ndiyo maana ninasisitiza tusiitangaze ile ya 137 peke yake. Ilinganishe na joto linalopatikana kwa uwiano wa potasiamu na magnesi. Likikaribia 110, panga mradi wako kwa 110. Pima pia chemchemi za jirani, kwani maji baridi ya juu yakichanganyika na ya moto hushusha silika, na hapo utadhani chini hakuna kitu.

Hata hiyo 110 isidharauliwe, maana inazidi 74 ya Chena, ila Chena wanapoza mtambo kwa maji baridi mno. Dodoma maji ni haba, kwa hiyo tutapoza kwa hewa ya nyuzi 30 mchana. Mvuke utarudi kuwa kimiminika kwenye nyuzi 40 hivi, na umeme wa saa nane mchana utapungua kuliko wa usiku. Mwenye kupanga mradi ahesabu uzalishaji wake kwa mchana wa Oktoba au Novemba, kisha atoe umeme utakaoliwa na pampu na feni.