Saa ya kipindi: kivume au kizimike

"Kama tamthilia ni nzuri, watu wataitafuta tu. Saa inayorushwa ina tatizo gani?" Swali hili nililipata kwa jirani, hapa Kirumba, Mwanza.

Saa ina nguvu kubwa, ila nguvu hiyo ina mwisho wake, na mfano ninaoupenda ni Seinfeld, kichekesho cha NBC ya Marekani. Kilionyeshwa kwa majaribio mwaka 1989, kikaendelea kwa miaka kadhaa bila kishindo. Mwaka 1992 kilikuwa Jumatano saa 3 usiku, na kituo pinzani cha ABC wakaweka Home Improvement, kipenzi cha familia nyingi, siku hiyohiyo na saa hiyohiyo. Februari 1993 NBC wakakihamishia Alhamisi saa 3:30 usiku, mara tu baada ya Cheers, kipindi kilichokuwa na mashabiki wengi tangu zamani. Waigizaji walikuwa walewale na utani uleule, lakini sasa watu walikuwa wameshakaa sebuleni na chaneli iko palepale. Cheers ilipofika mwisho Mei mwaka huo, Seinfeld ikarithi saa yake, na msimu uliofuata ikamaliza ya tatu nchi nzima.

Anayesema saa ndiyo kila kitu ataishia hapo. Mimi naona tuangalie pia waliokalia kiti hichohicho kikawashinda. Mwaka 1994 NBC waliweka Madman of the People nyuma ya Seinfeld. Kikashika nafasi ya 12 kitaifa, nafasi ambayo vipindi vingi visingeiota, na bado kikafutwa. Waliokifuta walikuwa na hesabu yao. Tuseme watu 100 wanatazama kipindi cha saa 3, na 65 wanabaki saa 3:30. Hao 65 wanaweza kukifanya kionekane kimefanikiwa, lakini mpanga ratiba anawatazama 35 walioondoka, tena walioondoka bila kulazimika kufanya lolote zaidi ya kushika rimoti. Februari 1995 nafasi ile wakapewa Friends, nao wakawashikilia watazamaji.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama kipindi kimebebwa, usiulize kina watazamaji wangapi. Uliza kimebakiza wangapi kati ya wale waliokabidhiwa na kipindi kilichotangulia.

Upande wa jirani yangu nao una ushahidi wake. Ijumaa usiku kule Marekani ilijulikana kama kaburi la vipindi, kwa sababu vijana hutoka. The X-Files kilianzia hapo mwaka 1993, kwenye Fox, na watazamaji wake wa mwanzo walikuwa wachache. Kiliwatafuta, kikawapata, na mwaka 1996 kikahamishiwa Jumapili kikiwa tayari kinavuma. Lakini tukumbuke kwamba Fox walikipa muda. Kipindi kizuri hujitafutia watu pale tu mwenye kituo anapokubali kusubiri, na huo ndio muda ambao vipindi vingi haviupati. Kipindi kinahamishwa siku, kinahamishwa tena, kisha zinaanza kurudiwa sehemu za zamani, halafu kimya. Hakuna aliyewatangazia mashabiki, na baadaye inasemekana kipindi hakikuwa na watu. Hapo hasira yangu iko upande wa mtazamaji kabisa.

Huku kwetu kuna jambo ambalo ratiba iliyopangwa Dar es Salaam hailioni. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini Mwanza iko magharibi zaidi, na jua huzama hapa takribani dakika 25 baada ya Dar. Saa 1 usiku kule giza limeshaingia na watu wako ndani. Hapa miezi mingine jua ndiyo kwanza linazama, mama anayeuza samaki bado yuko barabarani na watoto wako nje. Tamthilia ya saa 1 inaanza kwetu ikiwa na sebule nusu tupu. Ile inayofuata taarifa ya habari ya saa 2 inawakuta watu wote wamekaa, na inavuma, hata kama ya saa 1 imeandikwa vizuri zaidi.

Kwenye mialo ya dagaa ni zaidi ya hapo. Wavuvi hutoka na taa zao usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea wanabaki nchi kavu, kwani taa haivuti dagaa vizuri. Wiki hizo mabanda ya kuonyesha televisheni yanajaa. Wiki za giza wanaume wengi wako ziwani. Kituo kinachotaka kukipima kipindi kwa haki kwenye ukanda huu kikipe angalau mwezi mzima wa giza na mbalamwezi kwenye saa ileile, kisha kilinganishe na kipindi kilichokitangulia, sio na cha chaneli nyingine. Na kikiamua kukihamisha, kitangaze siku na saa mpya kabla ya kipindi chenyewe kuisha, wiki mbili mfululizo, ili anayekipenda ajue pa kukifuata.