Timsort: kwa nini upange upya kilichokwisha kupangika?

Timsort ni njia ya kupanga orodha kwa kutafuta vipande vyake vilivyokwisha kupangika na kuviunganisha. Wanaoipinga wana hoja inayoeleweka: ukiipa data iliyochanganywa ovyo, kazi yake ya kutafuta vipande vilivyokwisha kupangika haizai kitu. Lakini data ya namna hiyo huonekana zaidi kwenye majaribio. Orodha nyingi zinazofika kwenye programu halisi ziliwahi kupangwa, kisha zikaongezewa mkia.

Chukua orodha ya rekodi 1,000,000 zilizopangwa, ambayo mwishoni imeongezewa rekodi 1,000 zisizo na mpangilio. Timsort, ambayo Tim Peters aliiandika mwaka 2002 kwa ajili ya Python, inaanza mwanzoni ikiuliza swali moja tu: je, rekodi hii ni ndogo kuliko iliyoitangulia? Kwa milinganisho kama milioni moja inakuwa imekitambua kipande chote cha kwanza bila kuhamisha chochote. Mkia unapangwa peke yake, kwa milinganisho isiyozidi sana 10,000.

Linabaki kuunganisha, na hapa ndipo ninapoona ustadi wake hasa. Uunganishaji wa kawaida ungezipitia rekodi za zamani moja baada ya nyingine. Timsort ikiona upande mmoja umetoa rekodi ndogo zaidi mara 7 mfululizo, inaanza kuruka: inachungulia nafasi ya 1, ya 3, ya 7, ya 15, hadi ipite mahali inapopatafuta, kisha inarudi na kugawa pengo nusu kwa nusu. Pengo la rekodi 1,000 linavukwa kwa milinganisho 20 hivi. Kwa hiyo mkia wote unaongeza makumi ya maelfu tu juu ya ile milioni moja ya mwanzo, ilhali kupanga kwa kuunganisha kusikojali mpangilio kungetumia takriban milioni 10 kwa orodha hiyohiyo. Hata kumbukumbu ya ziada ni ndogo, kwani kinachonakiliwa pembeni ni kipande kifupi peke yake.

Gharama ipo, nayo ni ugumu wa msimbo. Mwaka 2015 watafiti waliojaribu kuthibitisha kihisabati toleo la Java waligundua kuwa kanuni ya kuchagua vipande vya kuunganisha ilikagua vichache mno juu ya rundo la vipande vinavyosubiri kuunganishwa. Orodha iliyotungwa mahsusi ingeweza kulijaza rundo hilo kupita kiasi na kuiangusha programu. Kosa hilo lilikuwa limepita majaribio ya miaka mingi.

Tena, faida hutegemea bei ya mlinganisho mmoja. Katika Python, kulinganisha vitu viwili kunaweza kuita funksheni nzima, hivyo kila mlinganisho unaookolewa una uzito. Namba tupu hulinganishwa kwa amri moja ya prosesa. Ndiyo maana Java hutumia Timsort kwa vitu, lakini kwa safu za namba hutegemea jamii ya quicksort, njia nyingine ya kupanga. Hata huko, toleo la Java 7 lilikagua kwanza kama safu kubwa ina vipande vilivyopangika, na likivikuta liliviunganisha badala ya kuanza upya.